UZI: Dola ikipanda mradi unakufa au unapona? Naomba mnisaidie kuisoma modeli yangu

Kapteni_Bajeti (mwenye uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Ninaandaa modeli ya uwekezaji wa kiwanda kidogo cha vichujio vya hewa vya magari. Mtambo wa kukunja na kubandika karatasi ya kuchujia unagharimu dola milioni 1. Karatasi na gundi vinatoka nje kwa dola, ila mauzo yote ni kwa fedha ya ndani. Ili tusianze kubishana sarafu ya nani ina thamani gani, humu nimechukulia dola 1 ni sawa na 100 za ndani.

Kwa mwaka tunauza vichujio 500,000 kwa bei ya 200 kila kimoja. Malighafi ya nje ni senti 80 za dola kwa kichujio, yaani 80 za ndani. Umeme, vibarua na vifungashio ni 20 kwa kichujio. Gharama zisizobadilika ni milioni 20 kwa mwaka. Kwa hiyo kila mwaka inabaki milioni 30, kwa miaka 5, na kiwango cha punguzo ni 12%. Kodi nimeiweka pembeni kwanza.

Thamani halisi ya sasa, yaani mapato yote kwa thamani ya leo ukitoa bei ya mtambo, inatoka milioni 7.3, tupo salama kwa kubanana. Nilipopima unyeti nikapata hivi: mahitaji yakishuka 10% inakuwa hasi 8.8, dola ikipanda 10% inakuwa hasi 5.6, vyote viwili kwa pamoja hasi 20.4. Nikaandika kwamba hatari kubwa ni mahitaji. Bosi akaipitia, akasema hali mbaya yangu ni ya kutisha watu tu, niifute, nibaki na hali ya kati na hali nzuri.

Nimfuate? Na je, nilichohitimisha kuhusu mahitaji kiko sawa?

---

Nahodha77

Mkuu, chati ya kimbunga haidanganyi. Kila kigezo kisogeze 10% juu na chini, mstari mrefu kuliko yote ndio hatari yako. Mahitaji yana mstari mrefu, basi ni mahitaji. Kama bosi hataki hali mbaya, mpelekee Monte Kalo, kompyuta ibahatishe namba za vigezo kwa mizunguko 10,000, hapo hatakuwa na la kusema.

---

Mzee_wa_Lahajedwali

Kapteni, kabla ya hatari tuanze na namba zenyewe. Nimerudia hesabu yako kwa mkono: milioni 30 kwa miaka 5 kwa 12% ni milioni 108.1. Toa 100 za mtambo, inabaki 8.1. Wewe una 7.3. Na 8.1 ukiigawa kwa 1.12 unapata 7.3. Hasi 9.9 ukiigawa kwa 1.12 unapata hasi 8.8. Namba zako zote nne zina ugonjwa mmoja. Nina hakika umeandika hivi:

```
=NPV(12%,A10:F10)
```

Fomula hiyo huchukulia seli ya kwanza kuwa ni fedha ya mwisho wa mwaka wa 1. Bei ya mtambo ipo A10, unailipa leo, lakini imesogezwa mwaka mzima mbele pamoja na mapato yote. Inatakiwa:

```
=NPV(12%,B10:F10)+A10
```

Habari njema ni kwamba mahali thamani inapogonga sifuri hapabadiliki, maana sifuri ukiigawa kwa chochote ni sifuri. Namba sahihi ni hizi: msingi 8.1, mahitaji hasi 9.9, dola hasi 6.3, vyote kwa pamoja hasi 22.9.

Sasa kwa Nahodha. Asilimia 10 ya mahitaji na asilimia 10 ya dola zinalingana kwa maandishi tu. Kama ana wateja waliokwisha kuahidi kununua, mahitaji kushuka 10% ni jambo kubwa. Dola kupanda 10% ndani ya miaka 5 kwa sarafu nyingi ni jambo la kawaida kabisa. Urefu wa mstari unakwambia modeli inaumia kiasi gani ukiigusa. Haukwambii itaguswa mara ngapi.

Mimi huanza na mpaka. Ili mradi urudishe milioni 100 unahitaji milioni 27.74 kwa mwaka. Ongeza 20 zisizobadilika, unahitaji 47.74. Kila kichujio kinaacha 100 baada ya malighafi na gharama zake nyingine, kwa hiyo mpaka ni vichujio 477,400 hivi. Unaruhusiwa kupoteza 4.5% tu ya mauzo. Upande wa dola mpaka ni 105.6. Mpelekee bosi namba hizo mbili umwulize ni ipi anadhani haitavukwa. Hawezi kuzifuta kwa kusema zinatisha.

---

Kapteni_Bajeti

Aisee, ni kweli, fomula ni hiyohiyo uliyoandika. Nimerekebisha, inatoka 8.1. Ahsante mzee.

Kitu kimoja sijakielewa. Mahitaji peke yake yanapunguza 18.0, dola peke yake inapunguza 14.4. Jumla 32.4. Lakini vyote kwa pamoja vimepunguza 31.0. Hiyo 1.4 imekwenda wapi? Nimetafuta kosa usiku kucha.

---

Mzee_wa_Lahajedwali

Hakuna kosa hapo, lala. Mauzo yakishuka 10%, kuna vichujio 50,000 ambavyo hukuvitengeneza, kwa hiyo hukununua malighafi yake kwa dola ya juu. Vichujio 50,000 mara 8 ni laki 4 kwa mwaka, kwa miaka 5 baada ya punguzo ni 1.4. Hapa imekusaidia kidogo. Kwenye mradi wenye mkopo wa dola isingekusaidia, maana rejesho halipungui eti kwa sababu umeuza kidogo.

Lakini swali zito hujaliuliza. Hali yako mbaya inasema dola imepanda na mahitaji yameshuka. Je, bei ya kichujio imefanya nini? Kwenye modeli yako imebaki 200 kama vile hakuna aliyesikia habari ya dola. Na vichujio vya washindani wako vinatoka wapi?

---

Kapteni_Bajeti

Karibu vyote vinaagizwa vikiwa vimekamilika.

---

Mzee_wa_Lahajedwali

Basi hapo ndipo swali lako la kichwa cha uzi, unakufa au unapona, linapata majibu mawili.

Tuchukue dola imepanda kutoka 100 hadi 120 mwanzoni na ikabaki hapo. Malighafi inatoka 80 hadi 96. Usiguse mahitaji moja kwa moja, yafungamanishe na bei, na bei uifungamanishe na dola. Seli tano zinatosha: B2 ni bei ya dola, B3 ni sehemu ya ongezeko la malighafi unayomwachia mteja, B4 ni unyumbufu wa mahitaji, B5 ni bei, B6 ni idadi ya vichujio.

```
B5: =200+B3*80*(B2/100-1)
B6: =500000*(1+B4*(B5/200-1))
```

Weka unyumbufu hasi 1.5, yaani bei ikipanda 1% unapoteza 1.5% ya wateja. Ukibeba mzigo wote wewe, bei inabaki 200, thamani ni hasi 20.7. Ukimwachia mteja nusu, bei ni 208, unauza 470,000, thamani hasi 16.2. Ukimwachia yote, bei 216, unauza 440,000, hasi 13.5. Hapo dola bado ni adui, ila ukubwa wa jeraha unategemea uamuzi wako wa bei, na uamuzi huo haumo kabisa kwenye chati ya kimbunga.

Sasa geuza. Mshindani anayeagiza kichujio kizima gharama yake yote imepanda 20%, ya kwako imepanda kwenye karatasi na gundi tu. Yeye akipandisha hadi 240, wewe ukapandisha hadi 220, unaweza ukawa wa bei nafuu sokoni na ukavuta wateja wake. Tuseme unauza 520,000. Kila kimoja kinaacha 104, kwa mwaka unabaki na milioni 34.08, thamani ni chanya 22.9. Dola ni ileile ya 120.

Na kuna hali ya tatu ambayo ndiyo ningeiita mbaya kweli. Dola imepanda kwa sababu uchumi mzima umebanwa, watu wanaahirisha kubadilisha vichujio, bei 208 na unauza 420,000 tu. Thamani hasi 32.8. Ni mbaya kuliko ile aliyotaka bosi ifutwe, na ina hadithi nyuma yake.

Kwa hiyo usiandike hali nzuri, ya kati na mbaya. Andika kwa nini dola imepanda, nani mwingine imemgusa, kisha ndipo uweke namba.

---

mama_hesabu

Mzee shikamoo. Nakubaliana na mpangilio, ila huo unyumbufu wa hasi 1.5 umeutoa wapi? Nauliza kwa sababu unagongana na modeli yenyewe. Weka dola ibaki 100, hakuna kilichobadilika, kisha pandisha bei hadi 216 kwa fomula yako. Mauzo 440,000, kila kimoja kinaacha 116, toa 20 zisizobadilika, unabaki na milioni 31.04. Ni zaidi ya 30 anazopata Kapteni kwa bei ya 200! Maana yake ni kwamba kama soko lina unyumbufu huo, bei ya 200 ni ya chini hata leo, na faida unayoonyesha ya kumwachia mteja mzigo haitokani na dola. Inatokana na kurekebisha bei iliyokuwa imekosewa tangu mwanzo.

Kwa bei 200 na gharama ya 100 kwa kichujio, bei hiyo inakuwa ndiyo bora pale tu unyumbufu ukiwa hasi 2.

---

Mzee_wa_Lahajedwali

Marahaba dada. Umenishika pabaya na ni kweli. Nilitupia 1.5 kwa mazoea.

Nimeweka hasi 2, dola 120. Bei ikibaki 200: hasi 20.7. Nusu, bei 208, mauzo 460,000: hasi 19.5. Mzigo wote, bei 216, mauzo 420,000: hasi 20.7 tena. Yaani kubeba wote na kumwachia mteja wote kunatoka sawasawa. Kwa hiyo ile sentensi yangu kwamba ukubwa wa jeraha unategemea uamuzi wako wa bei naifuta kwa unyumbufu huu. Ile ya mshindani bado inasimama, kwa sababu kule mahitaji hayakusogea kwa bei yako peke yake, yamesogea kwa pengo kati ya bei yako na yake.

---

Nahodha77

Si ndiyo maana nikasema Monte Kalo? Unyumbufu hatuujui, dola hatuijui, mpe mashine irushe karata mara 10,000 upate uwezekano wa hasara.

---

mama_hesabu

Kaka, karata utazirusha ukiwa umeiambia mashine kwamba dola na mahitaji vinatembea pamoja au kila kimoja na njia yake? Ukiviacha huru, kompyuta itakupa mizunguko mingi ambayo dola imepanda 30% na mahitaji yamepanda 10% bila sababu yoyote, na mizunguko hiyo itafuta zile mbaya kwenye wastani. Ukiweka uhusiano hasi unapata picha moja, ukiweka uhusiano chanya kwa sababu ya washindani unapata kinyume chake. Kazi ya kuamua alama ya uhusiano huo ndiyo hiyo mzee aliyokuwa akiifanya kwa hadithi. Baada ya hapo sina ugomvi na karata zako.

---

Nahodha77

Hapo kwenye alama nimekuelewa. Lakini bado ningetaka kuona mtawanyo, si hadithi tatu.

---

Fundi_Mkopo

Wakuu mimi nadhani mnazungumzia mambo ya mbali. Mkopo wake wa dola mbona hamuugusi? Sisi tulikopa dola tukajenga ghala, sarafu ikaanguka, rejesho likapanda kila mwezi ilhali kodi tunayolipwa na wapangaji ni ileile. Mwache ashughulike na benki kwanza.

---

Kapteni_Bajeti

Pole sana kaka, ila mimi sina mkopo wa dola, tunatumia mtaji wetu wa ndani.

---

Fundi_Mkopo

Sawa, nilisoma haraka. Lakini mtambo unaulipa vipi? Maana hata kabla ya mkopo, sisi tuliumia kwenye vifaa. Tulilipa 30% ya kuagiza, 70% ilikuwa mzigo ukifika, na ulivyofika dola haikuwa ile tuliyoiandika kwenye bajeti. Hiyo 70% ilitumaliza kabla hatujapanga hata tofali.

---

Kapteni_Bajeti

Dah. Yetu ni hivyohivyo. 30% tukisaini, 70% mtambo ukifika, muuzaji anasema miezi 8. Kwenye modeli nimeweka milioni 100 zote siku ya kwanza nikijua ni sahihi zaidi kulipa mapema kuliko kuchelewa, yaani nimejiwekea tahadhari.

---

Mzee_wa_Lahajedwali

Kapteni! Hilo ndilo lilipaswa kuwa kwenye posti ya kwanza.

Mtambo ukifika mwezi wa 8, utafungwa na kujaribiwa kwa muda gani?

---

Kapteni_Bajeti

Miezi 4 wamekadiria. Uzalishaji mwanzo wa mwaka wa 2.

---

Mzee_wa_Lahajedwali

Basi milioni 30 za mwaka wa 1 hazipo. Mapato yote yanasogea mwaka mmoja mbele, kuanzia mwisho wa mwaka wa 2 hadi wa 6. Thamani yake leo si 108.1 tena, ni 96.6. Upande wa malipo, 30 leo na 70 baada ya miezi 8 ambazo kwa thamani ya leo ni 64.9. Jumla 94.9. Thamani halisi ya mradi ni milioni 1.65. Hatujagusa mahitaji, hatujagusa dola.

Sasa gusa dola kidogo tu, na si kwa miaka 5. Iguse siku ile moja ya kulipa 70%. Dola ikiwa 102.5 siku hiyo, hata kama kesho yake inarudi 100 na kukaa hapo milele, mradi umefika sifuri. Tulikuwa tunabishana kuhusu mpaka wa 105.6 kwenye malighafi, kumbe kuna mlango mwingine unaofunguka kwa 2.5.

Kwenye jedwali la unyeti tenganisha seli mbili za dola: ya siku ya kulipia mtambo, na ya miaka ya uzalishaji. Ukiwa na seli moja utaona hasara imeongezeka ila hutajua imeingilia wapi. Na seli ya ingizo iwe kwenye shiti ileile yenye jedwali la data, la sivyo Ekseli itaikataa.

---

Nahodha77

Rahisi basi. Anunue dola zote leo, aziweke, hatari imekwisha.

---

mama_hesabu

Akinunua leo, milioni 100 zote zinatoka leo. Mapato ni 96.6. Thamani ni hasi 3.4, labda dola hizo zipate riba ya maana mahali zitakapokaa. Ameondoa hatari kwa kukubali hasara iliyo hakika. Mkataba wa kununua dola kwa bei iliyofungwa ya miezi 8 mbele nao una gharama yake: kama riba ya ndani ni kubwa kuliko riba ya dola, bei atakayopewa itakuwa juu ya 100. Ikiwa juu ya 102.5, jibu ni lilelile.

---

Kapteni_Bajeti

Kwa hiyo bosi alikuwa anagombana na hali mbaya, kumbe hali ya kati yenyewe ndiyo haikuwepo.

Nimezungumza na muuzaji leo asubuhi. Kuhusu kupunguza ile 70% na kuigawa baada ya mtambo kuanza kazi, hajakataa wala hajakubali. Kuhusu muda amesema miezi 4 ya kufunga inaweza kuwa 2 tukiandaa sakafu na umeme mapema. Naandaa hali tatu kama mzee alivyosema: washindani wanaumia, uchumi unabanwa, na mtambo unachelewa. Ile ya tatu sikuwa nayo kabisa.

Bado sina unyumbufu. Nina rekodi za bei na mauzo ya muagizaji mmoja tu, za miezi 14, na katika miezi hiyo bei imebadilika mara mbili.

---

mama_hesabu

Mara mbili hazitoshi kukadiria chochote, ila zinatosha kuangalia kitu kimoja: mara hizo mbili alipopandisha, wengine nao walipandisha wiki ileile au alikuwa peke yake? Kama walipandisha wote, mauzo yake hayakwambii lolote kuhusu wewe kupandisha peke yako.

---

Mzee_wa_Lahajedwali

Na angalia tarehe hizo mbili dola ilikuwa wapi. Kama alipandisha kabla dola haijapanda, ile hali yangu ya chanya 22.9 itabidi niitafutie sababu nyingine.

---

Kapteni_Bajeti

Ya kwanza alipandisha miezi 2 baada ya dola. Ya pili dola ilikuwa imetulia, sijui kwa nini alipandisha. Nitamuuliza, ila hatapenda kuniambia nikimweleza ninachojenga.